Nimelipwa pungufu, pesa nyingine zimeenda wapi?

"Niko Nairobi, nafundisha wafanyakazi wa makampuni. Nilitoa ankara ya Sh116,000 pamoja na VAT, benki imeingia Sh104,500. Hakuna aliyenieleza. Niwapigie kelele?"

Subiri kidogo, ndugu. Omba kwanza idara yao ya malipo ile hati ya maelezo ya malipo, inayoonyesha namba ya ankara, jumla, makato na kilichotumwa. Mara nyingi huwa imetumwa kwa baruapepe ya zamani.

Pengo lako ni Sh11,500. Bei bila VAT ni Sh100,000. Ada ya mafunzo hukatwa kodi ya zuio ya 5%, yaani Sh5,000, na mteja aliyeteuliwa na KRA kuwa wakala hushikilia pia VAT ya 2%, Sh2,000. Ukiona Sh5,800 badala ya Sh5,000, wamekata kodi juu ya VAT, na hilo ni kosa lao.

Hizo Sh7,000 hazijapotea: dai vyeti vyake, na uhakikishe vinaonekana kwenye iTax. Visipoonekana, huenda walikata bila kupeleka, na hapo mpe mhasibu wako alifuatilie.

Zinabaki Sh4,500. Tafuta mstari wenye herufi kama DN, maana yake wamekudai kitu. Mimi niliwahi kukatwa pesa za kukodi projekta ambayo nilikuja nayo mwenyewe! Niliomba nakala ya dai lenyewe, wakarudisha. Usitoe hati ya kupunguza ankara kabla hujaliona, ukishaitoa umekubali.