Baka moja, kisha mgongo mzima: si fangasi wa damu

Swali: Daktari, nina miaka 24. Nilianza na baka moja la mviringo ubavuni, duka la dawa wakanipa krimu ya fangasi. Baada ya kama siku kumi yakatoka madogo mengi mgongoni, kifuani na tumboni. Naambiwa fangasi imeingia kwenye damu, nimeze vidonge na ninywe dawa ya kusafisha damu. Yananiwasha kidogo tu. Ni kweli?

Jibu: Si kweli. Fangasi hawa wanaishi kwenye tabaka la juu kabisa la ngozi, lile lililokwisha kufa, wala hawasafiri kwa damu kwenda kuchipua mgongo mzima ndani ya siku kumi. Maelezo yako yanaelekea zaidi kwenye pitiriasi rozea. Baka la kwanza ni tangulizi. Mengine yangetoka hata kama usingepaka chochote. Krimu haikuyasambaza, na haikuwa na cha kutibu.

Simama penye mwanga wa dirisha uliangalie lile baka kubwa kwa karibu. Baka la fangasi huwa na ukingo ulioinuka, magamba yakiwa pale pale ukingoni, na katikati panaanza kusafika. Kwenye pitiriasi rozea magamba ni membamba na yanakaa ndani kidogo ya ukingo, yamejipanga kama duara la pili, huku upande wao ulioachia ngozi ukielekea katikati. Kisha mwombe mtu akupige picha ya mgongo. Madoa marefu-marefu yanayofuata mistari ya ngozi, yakishuka kwa mshazari kutoka uti wa mgongo kwenda mbavuni kama matawi ya mti wa Krismasi, yanaunga mkono utambuzi huo. Kwenye ngozi nyeusi usitafute rangi ya waridi inayoonyeshwa vitabuni: utaona kijivu, kahawia iliyokolea au zambarau. Shaka ikibaki, maabara watakwangua magamba, watayadondoshea potasiamu haidroksaidi na kuyatazama kwa hadubini.

Kinachoniudhi kila wiki ni hizo dawa za kusafisha damu. Ugonjwa huu huisha wenyewe, kwa kawaida baada ya wiki sita hadi nane, wakati mwingine miezi mitatu. Mtu anauziwa chupa wiki ya tano, ngozi inatulia wiki ya saba, na muuzaji anapata shahidi wa kumtangazia biashara. Damu yako haina uchafu wa kusafishwa. Inadhaniwa kwamba kinachoamka ni virusi vya jamii ya hepesi ambavyo wengi wetu tumebaki navyo mwilini tangu utotoni. Ndiyo maana huhitaji kujitenga wala kuchemsha mashuka.

Kwa mwasho wako mdogo, mafuta ya mgando baada ya kuoga yanatosha. Acha maji ya moto na sabuni kali. Ukizidi, setirizini usiku, au krimu hafifu ya haidrokotisoni kwa siku chache.

Kitu kimoja usikiruke: kipimo cha kaswende. Hatua ya pili ya kaswende huiga upele huu vizuri mno, na hata mimi sitoi jibu la mwisho kwa kutazama tu. Angalia viganja na nyayo. Madoa yakiwa huko, au una vidonda mdomoni, homa au tezi zilizovimba, nenda leo. Kaswende ya hatua hiyo hutibiwa kwa sindano ya penisilini, na ikiachwa upele wake nao hufifia wenyewe huku ugonjwa ukiendelea ndani. Pima na VVU siku hiyo hiyo. Na yeyote mwenye upele huu akiwa mjamzito, hasa miezi ya mwanzo, amwone daktari mapema, kwa sababu umewahi kuhusishwa na kuharibika kwa mimba.

Sasa hili nawaambia wote, si wewe peke yako. Krimu nyingi zinazouzwa kama za fangasi ni mchanganyiko wa dawa tatu: ya fangasi, ya bakteria, na steroidi kali. Geuza kasha usome. Ukiona klobetasoli au betamethasoni, hiyo ndiyo inayotuliza mwasho haraka hadi mtu aamini amepona. Nimewaona vijana waliopaka miezi mitatu, ngozi ya kinena imekuwa nyembamba na kupasuka michirizi isiyofutika tena. Wengine walikuwa na fangasi kweli, steroidi ikawaficha na kuwalisha, ukingo ukapotea, na sasa hata daktari anahangaika kuwatambua. Mbaya zaidi, pitiriasi rozea ikiisha huacha alama nyeusi kwa miezi kadhaa. Mtu anadhani ugonjwa bado upo, anaongeza mrija mwingine, kisha anahamia kwenye krimu za kung'arisha. Alama hizo hazina magamba wala haziwashi, na zinafifia zenyewe. Lakini magamba yakiendelea kuzaliwa baada ya miezi mitatu, rudi kliniki wakate kipande kidogo cha ngozi kikapimwe, maana huenda ni pumu ya ngozi, soriasisi au mzio wa dawa unayomeza.