Barua kwa mwanangu: nusu dakika mbele ya meza ya mwajiri

"Shikamoo Mama. Maonyesho ya ajira hapa chuoni ni wiki ijayo. Nikifika mezani kwa waajiri nina kama sekunde 30 tu. Nianze na alama zangu au nianze na fildi niliyofanya? Halafu, kwenye meza ya ile kampuni aliyofanyia kazi Baba, nimtaje?"

Marahaba mwanangu,

La Baba yako nitalifikia mwishoni, nikiwa nimetulia. Kwanza nikuulize: huyo afisa wa mezani ataandika nini kwenye kona ya sivii yako ukishaondoka?

Maana ndivyo kazi ya pale inavyokwenda. Kwa siku moja anapokea sivii mpaka meza inajaa, na sura zote jioni zimechanganyika. Kinachomsaidia ni maneno mawili au matatu aliyochora kwa kalamu pembeni: "ghala, anajua kuhesabu", au "mhasibu, Mwanza yuko tayari". Isiyo na neno lolote kwenye kona inaungana na zenzake kwenye boksi. Kwa hiyo ukitunga utambulisho wako, tafuta kwanza hayo maneno matatu, ndipo utafute sentensi za kumfanya ayaandike. Ukianzia kwenye sentensi utaandika kama wanavyoandika wote.

Na wote wanasema hivi: "Kwa majina naitwa fulani bin fulani, ni mhitimu mtarajiwa wa shahada ya ununuzi na ugavi, ni mchapakazi, naweza kufanya kazi chini ya shinikizo, niko tayari kwa nafasi yoyote." Pima hapo. Kalamu itaandika nini? Labda "ugavi", na darasa lenu zima ni ugavi. Hilo la "nafasi yoyote" ndilo baya kuliko yote. Unadhani unamrahisishia, kumbe unamwachia yeye kazi ya kufikiri pa kukuweka, na nyuma yako kuna foleni. Yeye ana orodha yake: mafunzo kazini, fildi, nafasi mbili tatu za ajira. Mpe sababu ya kukupachika kwenye mstari mmojawapo.

Nimekutungia kwa yale unayoyajua wewe mwenyewe. Baada ya salamu na majina yako mawili, iwe hivi:

"Namaliza shahada ya ununuzi na ugavi mwezi wa saba. Fildi nilifanya kwenye stoo ya dawa ya hospitali ya wilaya. Kadi za stoo zilikuwa hazilingani na vilivyo rafuni. Nilihesabu upya aina 120 za dawa na kuonyesha tofauti inatoka wapi. Natafuta mafunzo kazini upande wa ghala. Ghalani kwenu mnahesabu mara moja kwa mwaka, au kidogo kidogo kila wiki?"

Ukihesabu pamoja na majina hayafiki maneno 60, na hicho ndicho kipimo. Maneno yetu ni marefu. Ukivuka 65 au 70 ndani ya nusu dakika utakuwa unakimbia, na anayekimbia hasikiki ukumbini penye spika za matangazo. Salamu usiihesabu humo. Kama aliye mezani ni mtu mzima, mpe shikamoo yake. Kama ni kijana wa rika lako, "habari za saa hizi" inatosha, maana shikamoo kwa binti wa miaka 26 inawaaibisha nyote wawili. Lugha fuata aliyokujibu nayo. Akijibu Kiingereza, endelea kwa Kiingereza, kwa hiyo uwe nayo tayari kwa lugha zote mbili, na kila moja uipime kwa saa yake.

Sasa angalia nilichokificha. Nimesema ulionyesha tofauti inatoka wapi, lakini sikusema inatoka wapi. Ni makusudi. Afisa mwenye masikio atauliza, "Ilikuwa inatoka wapi?" Hapo unajibu kwa sentensi moja: dawa zilizochukuliwa usiku kwenda wodini zilikuwa haziandikwi kwenye kadi mpaka asubuhi, na nyingine hazikuandikwa kabisa. Akishauliza, mmeanza kuzungumza, na zile sekunde 30 hazina tena maana. Ukilimwaga lote mwanzoni hana cha kuuliza zaidi ya "asante, tutawasiliana".

Hapa namkumbuka mtoto wa shangazi yako, yule wa umeme. Mwaka ule alipomaliza chuo alikwenda kwenye maonyesho kama hayo, na meza ya ofisi yetu ilikuwa ya pili kutoka ile aliyosimama. Alikuwa amekariri utambulisho wake kama shairi la kughani. Alipofika katikati afisa akamkatiza, tena kwa uso wa kupenda: "Umesema fildi ulikuwa kituo cha kupozea umeme?" Akajibu, "Ndiyo." Halafu akarudi mwanzo: "Kwa majina naitwa..." Yule mama akamkatiza mara ya pili, naye akajibu neno moja, akaanza upya tena. Sivii ikapokelewa kwa tabasamu, ikawekwa kwenye boksi, kalamu haikuguswa. Na unajua kilichokuwa ukurasa wa pili wa sivii ile? Mwezi mzima alikuwa akiandika joto la mafuta ya transfoma, akagundua kuwa kuna feni ya kupoza iliyokuwa haizunguki. Ndilo hasa yule mama alilokuwa analitafuta kwa maswali yake! Linaniuma mpaka leo, na shangazi yako ukimgusia anageuza maneno.

Kwa hiyo usikariri maneno, kariri vituo vinne: jina na kozi, kazi moja uliyoifanya kwa mikono yako, unachotafuta, swali lako. Ukikatizwa kwenye kituo cha pili, jibu, kisha ruka moja kwa moja hadi unachotafuta. Usirudi nyuma hata siku moja. Mazoezi yake ni haya: mpe mdogo wako saa ya simu, mwambie akukatize popote anapotaka kwa swali lolote, hata la kipuuzi. Kisha jirekodi na usikilize. Ukizidisha muda, vya kwanza kuondoka ni vile vya kujisifu, maana hakuna kalamu inayoandika "mchapakazi" kwenye kona. Namba na jina la kitu ulichokishika vibaki.

Sivii yenyewe usiitoe mapema. Ukimkabidhi karatasi kabla hujafungua mdomo, macho yanashuka na masikio yanakwenda nayo. Atasoma kichwa cha habari huku wewe unazungumza na nywele zake. Itoe unapofika kwenye "natafuta", na kidole kiguse ule mstari wa stoo ya dawa, ili ajue pa kuandika.

Kuhusu alama, ningesema usizitaje. Ziko kwenye karatasi, atazisoma. Lakini kuna meza za mabenki na za wakaguzi wa hesabu, ambako mara nyingi wanaweka kiwango cha chini na kuchuja kwa hicho kabla ya kitu kingine chochote. Pale, mwenye daraja la pili la juu akinyamaza anaweza kudhaniwa hana. Basi tuseme hivi: kwenye meza hizo ongeza maneno matano baada ya kozi, "daraja la pili la juu", na kwingine nyamaza mpaka uulizwe. Ingawa hata hapo, nani aliwahi kuandika "daraja la pili" kwenye kona? Wataandika "stoo, hesabu". Narudi palepale.

Kazi hiyohiyo unaigeuza kidogo kwa kila meza. Kwenye kampuni ya vinywaji, hesabu ya rafuni ndiyo lugha yao, iache ilivyo. Kwenye taasisi ya umma, au kwa mkandarasi anayeomba zabuni za serikali, watapenda kusikia habari za NeST, mfumo wa manunuzi ya umma ulioanza kutumika 2023. Kama kwenye fildi ulimwona tu mtu akiufungua, sema "niliona unavyotumika", usiseme "nautumia". Swali la pili litakuwa "uliandaa nini humo?", na hapo uwongo unafia mezani, mbele ya watu. Kama umeshaanza mitihani ya Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, taja hatua uliyofikia. Hilo nalo linaandikika.

Utakutana pia na jibu la "maombi yote ni mtandaoni". Usivunjike, wala usiondoke. Uliza mambo mawili: nafasi hiyo kwenye tovuti imeandikwa kwa jina gani, na dirisha linafunguliwa mwezi gani. Majina ya nafasi yanapotosha. Unatafuta "ghala" kumbe wao wameiita "msaidizi wa mnyororo wa ugavi", na unapitwa. Ukishatoka mezani, kabla hujaenda nyingine, simama pembeni uandike jina la afisa na alichokuambia. Meza ya tatu ikipita, umesahau la kwanza.

Anza na meza usiyoitamani sana, ulimi upate moto, ndipo uende unakokutaka. Na usingoje alasiri, wakati wenyewe wanakunja mabango na kutafuta usafiri.

Haya, Baba yako. Yeye nimemsomea ujumbe wako, akasema umtaje, watu wa pale wanamkumbuka. Wanamkumbuka, ndiyo. Unajua alivyoondoka pale, na unajua nani alibaki. Kwa upande mmoja jina la mzazi linafungua mazungumzo haraka kuliko stoo yoyote ya dawa. Kwa upande mwingine, kalamu ikishaandika "mtoto wa fulani", nafasi ya kuandika "ghala, hesabu" imekwisha. Kona ni ndogo. Nina langu moyoni na nimeliandika hapa mara mbili nikalifuta, maana mwenye kusimama mezani ni wewe. Ila ukiamua kumtaja, mtaje baada ya kuona kalamu imeshaandika, useme tu alikuwa idara gani, kisha uage.

Mama yako