Tangazo la kufunga skrini: liandikwe nini?

"Wafanyakazi wanaacha kompyuta wazi wakienda chai. Nataka kubandika tangazo ukutani, niandike nini?"

Andika kitendo chenyewe, onyo refu halisomwi. Karatasi moja ya A4 yenye herufi kubwa inatosha, na ibandikwe pembeni mwa mlango wa kutokea, usawa wa macho:

UNAINUKA? FUNGA SKRINI KWANZA.
Windows: bonyeza Windows + L
Mac: bonyeza Control + Command + Q
Hakikisha skrini imejifunga, ndipo uondoke.
Kuzima monita si kufunga kompyuta.

Mstari wa mwisho usiuache. Wengi hubonyeza kitufe cha monita, kioo kinakuwa cheusi, wanaamini wamefunga. Akija mwingine akakiwasha, kila kitu kiko palepale. Chukua mhasibu aliyekwenda kwenye printa kwa dakika mbili: anayekalia kiti chake anaweza kuidhinisha malipo, na kumbukumbu za mfumo zitaonyesha jina la mhasibu.

Kwa wanaosahau, weka kinga ya pili. Kwenye Windows tafuta "Change screen saver", weka dakika 5 kwenye "Wait", kisha tia tiki kwenye "On resume, display logon screen". Bila tiki hiyo, ukigusa kipanya tu kazi inarudi bila kuulizwa nywila. Ila kinga hii haimsaidii mhasibu wetu, maana dakika zake mbili ziko ndani ya hizo tano. Ndiyo maana kidole lazima kibonyeze kabla mtu hajainuka.