Jina kwanza au shikamoo kwanza? Kuamkia watu kwa simu

*Swali: Nilimpigia mwalimu wangu wa zamani. Alipopokea tu nikasema "Shikamoo". Akajibu "Marahaba" kwa sauti ya mashaka, kisha akauliza "Nani mwenzangu?" Je, kwa simu tunaanza kujitaja au kuamkia? Na nikitaka kujua kama ana nafasi ya kuongea, niulize vipi na wakati gani?*

Kwa simu, ukimpigia mtu ambaye huenda hakutambui, jitaje kwanza, kisha mwamkie. Shikamoo ni salamu inayotegemea kujua nani ni nani. Mnapokutana ana kwa ana macho hufanya kazi hiyo kabla ya mdomo kufunguka: mwalimu anakuona, anakukumbuka, na "marahaba" yake inatoka ikiwa imekulenga wewe. Kwa simu alisikia sauti tupu. Aliitikia kwa sababu shikamoo haiachwi bila kuitikiwa, lakini hakujua anamwitikia mwanafunzi wake, mtoto wa jirani au mtu aliyekosea namba. Mashaka uliyoyasikia yalitoka hapo.

Ndiyo maana mara nyingi, mtu akishajitambulisha, salamu huanza upya: "Aa, Rehema! Hujambo mwanangu?" Ile ya kwanza ilikuwa imepotea njiani.

Upande wako pia kuna hatari. Simu ya mwalimu inaweza kupokewa na mwanawe, mjukuu wake au mtu yeyote aliye karibu nayo. Jina linalotokea kwenye skrini ni la mwenye namba tu, na aliyeishika anaweza kuwa mwingine. Ukitoa shikamoo kabla ya kuhakikisha, unaweza kumwamkia mtoto wa darasa la nne. Kama sauti huitambui, anza na salamu isiyobagua umri, kama "Habari za saa hizi", kisha uliza: "Samahani, naongea na mwalimu?" Akisema ndiye, hapo shikamoo yako ina mahali pa kutua.

Kama sauti umeitambua bila shaka, si kosa kuanza na shikamoo. Ila usiishie hapo ukasubiri marahaba, unganisha jina lako humo humo: "Mwalimu, shikamoo. Ni mimi Rehema, uliyenifundisha hesabu." Hapo anapoitikia anajua anamwitikia nani.

Katika kujitaja, sema "Ni mimi Rehema", "Mimi ni Rehema" au "Rehema hapa". Siku hizi nasikia sana "Hii ni Rehema". Iache. Rehema ni mtu, na "hii" haipatani na mtu; hata "huyu ni Rehema" hatusemi tukijitaja wenyewe. Ukipiga kwa niaba ya ofisi unaweza kusema "Unaongea na Rehema, kutoka ofisi ya uhasibu". Na jina peke yake mara nyingi halitoshi, maana akina Rehema ni wengi. Ongeza jambo moja linalokuunganisha naye: somo alilokufundisha, mtu mliyejuana kupitia kwake, au mahali mlipoonana mwisho. Jambo moja latosha.

Usimtegee kitendawili. "Umenisahau?" au "Hunijui?" humweka mtu mzima katika hali ya kubahatisha majina, na akikosea mnaona haya nyote wawili. Aliyepiga ndiye anayejua anampigia nani, kwa hiyo deni la kujitaja ni lake. Kwa anayepokea, swali la heshima ni lile lile la mwalimu wako, "Nani mwenzangu?", au "Samahani, sijakutambua." "Wewe nani?" hukwaruza hata likisemwa kwa upole.

Jambo jingine linalowachanganya vijana ni nani aanze. Ana kwa ana, anayefika ndiye anayeamkia wenyeji. Kwa simu, anayepokea ndiye anayetangulia kusema, lakini "haloo" yake si salamu. Anakuambia tu kwamba yupo na anasikia. Salamu yenyewe bado inafuata umri. Mkubwa akikupigia na umemtambua, usimwachie aanze yeye kwa sababu ndiye aliyepiga. Pokea useme, "Haloo, shikamoo mwalimu."

Maneno ya mahali nayo hubadilika. Ukimtembelea mtu unaweza kumuuliza "Habari za hapa?" kwa kuwa mko mahali pamoja. Kwa simu unauliza "Habari za huko?" au "za hapo?", naye anajibu "Huku salama, sijui huko."

Sasa hilo la nafasi. Ukienda kwa mtu unapiga hodi, na "karibu" ndiyo inayokufungulia. Simu inapolia imepiga hodi, lakini kuipokea si "karibu". Watu hupokea wakiwa kikaoni, barabarani, au wamembeba mtoto. Ana kwa ana ungeyaona hayo na kujizuia mwenyewe. Kwa simu inabidi uulize, na kuuliza hali hakutoshi: anayejibu "nzuri" kwa "habari za kazi" hajasema ana nafasi.

"Samahani kwa usumbufu" nayo haitoshi. Ni maneno mazuri, ila hayaulizi kitu. Wengi wakishayasema huendelea moja kwa moja na shida yao. Uliza swali ambalo mtu anaweza kulijibu hapana bila kuona vibaya: "Nimekukuta una nafasi?" au "Unaweza kuongea sasa, au nikupigie baadaye?" Hilo la pili nalipenda zaidi, hasa kwa mtu unayemheshimu, kwa sababu njia ya kutokea umeshamwonyesha mwenyewe. Ukiweza taja na muda: "Naomba dakika tano." Kisha zikiwa tano, ziwe tano.

Mahali pa swali hilo ni baada ya salamu na kabla ya shida. Ukilitanguliza kabla ya shikamoo utaonekana una haraka, na ukilichelewesha hadi baada ya habari za watoto, za wagonjwa na za mvua, dakika zake umeshazitumia. Simu yako ingekwenda hivi:

— Haloo.
— Haloo, naongea na mwalimu?
— Ndiyo, nani mwenzangu?
— Ni mimi Rehema, uliyenifundisha hesabu kidato cha pili. Shikamoo mwalimu.
— Marahaba, Rehema! Hujambo?
— Sijambo. Habari za huko?
— Huku salama.
— Nina jambo la kukuomba ushauri. Unaweza kuongea sasa, au nikupigie baadaye?

Sikiliza jinsi anavyojibu. "Endelea, nakusikiliza" ni ruhusa kamili. "Ee, sema" iliyokatwa fupi, yenye sauti za watu nyuma yake, mara nyingi ni ya mtu anayeona aibu kukukatalia. Mwambie utampigia jioni na umwulize saa ngapi itamfaa. Akisema mapema kabisa kwamba yuko kikaoni, acha habari zote zilizobaki. "Sawa mwalimu, nitakupigia saa kumi" inatosha, na hakuna atakayeona umekata salamu.

Ukimpigia tena saa kumi siku hiyo hiyo, huna haja ya kurudia shikamoo. Jina lirudie, maana huenda namba yako hajaihifadhi: "Ni mimi tena, Rehema. Nafasi imepatikana?" Akisema ndiyo, ingia kwenye shida yako moja kwa moja.