Kiganja kinene: ni sugu tu?

"Kiganja changu kigumu na hakioti hata unywele mmoja. Ni sugu ya kazi au?"

Sugu ni nyongeza tu. Hata mtoto mchanga huzaliwa na kiganja cha hivyo. Wapo wanaosema ngozi ya kiganja inazidi ya mgongo kwa unene, nao wamepatia nusu. Kilichonenepa ni tabaka la juu, lenye seli zilizokufa kwa nje: kiganjani hufika kama milimita 1.5, kwenye kope 0.05 hivi. Tabaka la chini yake ni nene zaidi mgongoni. Kibanzi kikikuchoma kiganjani bila damu kutoka, kimeishia tabaka la juu, maana halina mishipa ya damu. Vinyweleo na tezi za mafuta hazipo kiganjani, kwa hiyo chunusi hutaziona hapo. Jasho ndilo limejaa!