Simu yangu ya Android Go haileti kaduara ka meseji, naweza kuweka Android kamili?

SWALI: Habari fundi. Nimenunua simu mpya, boksi limeandikwa RAM 4GB (2+2), kumbe ndani ni Android 11 Go. Kale kaduara ka Messenger kanakokaa juu ya skrini hakatokei kabisa, halafu nikiwa najaza fomu nikatoka kusoma kodi ya kuthibitisha kwenye SMS nikirudi nakuta fomu imeanza upya. Naweza kuitoa hiyo Go niweke Android ya kawaida?

JIBU: Salama kaka. Hapana, usijaribu. Go siyo programu iliyowekwa juu ya Android kwamba unaifuta inabaki ile kamili, ni Android hiyohiyo ila kiwandani waliipa mpangilio unaoiambia simu "wewe kumbukumbu yako ni ndogo", na kila kitu ndani kinafuata hapo. Hata ukirisiti inarudi vilevile. Kama una kompyuta yenye adb, ile programu ya kuipa simu amri kupitia waya, unaweza kuona mwenyewe:

```
adb shell getprop ro.config.low_ram
```

Ikijibu `true` basi ndiyo hivyo.

Hiyo 2+2 kwanza tuiweke sawa, maana watu wengi wanaumia hapo. RAM ya kweli ni 2GB, ile 2 nyingine ni nafasi iliyokatwa kwenye hifadhi ya ndani, palepale zinapokaa picha zako, na kasi yake haifiki hata karibu na ya RAM. Inasaidia kidogo programu iliyolala isifungwe haraka, lakini haiigeuzi simu kuwa ya 4GB. Na hata hizo 2GB huzipati zote, mfumo wenyewe unachukua sehemu yake kabla hujafungua kitu.

Sasa kaduara. Ile ruhusa ya programu kuchora juu ya programu nyingine ilizimwa kwenye Go kuanzia Android 10, kwa sababu kaduara kakikaa juu ya skrini, programu yake haiwezi kulala, inashikilia kumbukumbu muda wote. Ukienda kwenye Settings kuitafuta utakuta maneno `This feature has been turned off because it slows down your phone`. Kwa hiyo usihangaike kufuta Messenger na kuipakua tena, tatizo halipo kwake. Kugawa skrini mara mbili nako hakupo, na kutazama video kwenye kidirisha kidogo pembeni usikutegemee. Kwa mtu wa kupiga simu na WhatsApp hivi havimgusi, ila kama kazi yako inategemea programu inayoleta oda juu ya ramani, mfano dereva wa bodaboda, hapo Go itakusumbua kweli na ni bora ujue kabla ya kutoa hela.

Fomu kuanza upya ni suala lingine, na hili lingetokea hata kwenye Android kamili yenye 2GB, tena zaidi. Kumbukumbu ikijaa simu inachagua programu usiyoiangalia na kuiua. Ulipofungua SMS, ile yenye fomu ikawa nyuma, ikauawa, uliporudi ikawaka kutoka mwanzo. Namna ya kujua ni rahisi: ukirudi ukaona kwanza nembo ya programu, iliuawa, ukirudi ukakuta palepale ulipoacha, ilikuwa hai. Dawa yake ni usitoke kabisa. Kodi ikiingia vuta skrini kutoka juu uisome kwenye notifikesheni, irudishe, andika. Na kabla ya kuanza fomu funga kivinjari, kile kinakula sana kikiwa na kurasa nyingi.

Kuna mafundi watakuambia wanaflashi Android kamili kwa bei poa. Wakiweka faili la simu ya modeli nyingine inaweza isiwake tena, au ikawaka bila mtandao. Na wakiiruti tu wakabadilisha ule mpangilio, kaduara kanaweza kurudi, ila RAM ni 2GB ileile na sasa mfumo unajiachia kama simu kubwa, fomu zako zitafungwa mara nyingi zaidi ya sasa.

Go ilipotoka 2017 ililenga simu za 1GB kushuka chini, na toleo la Android 13 Go likataka angalau 2GB. Yaani kwa toleo hilo 2GB ndiyo sakafu. Kama muuzaji bado anakubali kubadilisha na kaduara ni la kazi, ongeza hela uchukue yenye 4GB halisi, na usisome boksi, fungua Settings pale dukani, sehemu ya kuhusu simu, uangalie RAM yenyewe kabla ya zile za kuongezwa na kama toleo lina neno Go.