Kuigeuza picha mnato kuwa video: eleza mwendo, kisha onyesha kile ambacho picha imekificha

Ukiipa modeli ya video, yaani programu ya akili mnemba inayotengeneza video kwa kufuata maelekezo ya maandishi, picha moja ili iwe fremu ya kwanza, tayari umeshaiambia mhusika ni nani, amevaa nini, mwanga unamwangukia kutoka upande gani na nyuma yake kuna nini. Maelekezo yanayorudia mambo hayo hayaongezi kitu, na mara nyingi yanaharibu, kwa sababu neno lolote lisilolingana sawasawa na kinachoonekana, kwa mfano kuita shali nyekundu wakati pichani ni ya rangi ya matofali, huwa ni sababu ya modeli kuanza kuibadilisha picha kidogo kidogo. Siku hizi maelekezo yangu yanataja tu kile kinachobadilika.

Tuchukue mfano mmoja ambao huwasumbua wengi: picha ya mwanamke aliyeketi kando ya dirisha, uso wake ukionekana kwa upande wa kushoto tu, nasi tunataka ageuke polepole aitazame kamera. Maelekezo ninayoyaandika kwa kazi kama hiyo ni haya:

```
Mwanamke anageuza kichwa polepole kuelekea kamera,
kisha anatulia na kutazama mbele. Mabega yametulia.
Pazia linapepea kidogo. Kamera imesimama mahali pamoja.
```

Sentensi ya mwisho si ya kujaziliza, maana kamera isipotajwa, modeli nyingi huisogeza kwa hiari yake, na wakati mwingine husogeza kamera peke yake huku mhusika akibaki kama sanamu. Mwendo wa mhusika na mwendo wa kamera ni mambo mawili, na kila kimoja kinastahili sentensi yake. Ninaepuka pia kukanusha. Ukiandika kwamba asitabasamu, neno la tabasamu limeshaingia katika maelekezo, na huenda tabasamu hilo likajitokeza. Ni salama zaidi kuandika kwamba midomo imefungwa na uso umetulia. Tena, klipu ya sekunde 5 kwa fremu 24 kila sekunde ina takribani fremu 120 tu, nazo zinatosha tendo moja. Ukidai ageuke, asimame na afungue dirisha, matendo yatakimbizwa au yatayeyukiana.

Hata maelekezo mazuri kiasi hicho hayatatui tatizo kubwa la picha hii, nalo ni kwamba upande wa kulia wa uso haumo pichani. Modeli italazimika kuubuni, na uso unaobuniwa kwa kawaida huwa wa mtu anayefanana naye tu. Hapo ndipo picha ya rejea inapohitajika. Kazi yake ni tofauti na ya fremu ya kwanza: fremu ya kwanza inafunga mpangilio wa picha nzima, ilhali picha ya rejea inabeba sura ya mtu bila kuamua ataketi wapi. Kwa hiyo chagua rejea inayoonyesha kile kilichofichika, yaani uso wa mbele, mkubwa, wenye macho yanayoonekana vizuri na mandhari tupu nyuma yake. Mtindo wa nywele uwe uleule, na mwanga utoke upande uleule, la sivyo utaona kivuli kikihama shavuni katikati ya klipu. Rejea yenye kicheko cha meno haifai hapa, kwa kuwa meno hayo yanaweza kurudi katika uso tuliotaka utulie.

Baadhi ya programu hazikubali fremu ya kwanza na picha ya rejea kwa pamoja, lakini zinakubali fremu ya mwisho. Katika hali hiyo, tumia kwanza zana ya kutengeneza picha, uipe picha ya asili pamoja na rejea, upate picha mnato ya mwanamke huyo akiwa ameshageuka katika chumba kilekile, kisha iweke mwishoni. Binafsi naipenda njia hii kuliko zote, kwa sababu uso wa mwisho unaukagua kabla ya kutumia muda wa kutengeneza video.

Klipu ikishatoka, usiihukumu kwa kuitazama ikicheza, kwani mwendo huficha kasoro. Isimamishe pale kichwa kinapokuwa nusu ya safari, ambapo sikio, hereni na mstari wa nywele huvurugika mapema kuliko vingine, kisha linganisha fremu ya mwisho na rejea: umbali kati ya macho, upana wa pua, umbo la taya. Uso ukiwa umekosewa, badilisha rejea; mwendo ukiwa umekosewa, badilisha maelekezo, huku ukiacha namba ya `seed`, yaani namba ambayo modeli huanzia nayo kubahatisha, ilivyo ili ujue badiliko limeletwa na nini. Na kama kasoro inaanza sekunde ya mwisho tu, ikate sekunde hiyo.